Cheti cha VETA kwa fundi aliyejifunzia kazini: yanayosemwa na ukweli wake

"Mimi sikusoma chuo, cheti nitapata wapi?" Hili nalisikia sana kwa mafundi waliojifunza kwa kaka au mjomba. Njia ipo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unakwenda chuo cha VETA chenye fani yako, unaomba kupimwa, unajaza fomu na kueleza kazi ulizozifanya, kisha unapimwa, na sehemu kubwa ni vitendo. Ukikutwa na mapungufu unaelekezwa kwanza.

Dhana inayowaumiza wengi ni kwamba miaka kumi kazini inatosha. Hapana. Anayepima anatazama unavyofanya, si kilichokamilika tu. Chukua welda aliyepewa mchoro wa fremu ya milimita 600 kwa 400. Akichomelea kona ya kwanza moja kwa moja mpaka mwisho, joto litaivuta na fremu itakaa upande. Anayejua hushika kona zote nne kwa nukta ndogo, kisha anapima kona kwa kona kwa mshazari: vipimo vyote viwili visome karibu milimita 721. Vikitofautiana, anagonga na kunyoosha kabla ya kuchomelea. Ukihitajika mchomo wa pili juu ya ule wa kwanza, lazima aondoe gamba lote kwa nyundo na brashi ya waya. Gamba likibaki linafunikwa ndani, na hapo ndipo kiungo hukatika siku ya mzigo. Mfereji uliolika pembeni ya mchomo mara nyingi unamwambia mpimaji kwamba umeme ulikuwa mkali mno. Na kuchomelea bila kioo cha kinga, hata kwa kona moja tu, kunatosha kukuharibia jina mbele yake.

Kwa fundi cherehani mtego ni patani. Wengi wanakata kitambaa kwa jicho, na nguo inatoka nzuri kweli. Lakini akiambiwa aichore patani kwenye karatasi kwa vipimo vya mtu asiyemjua, anakwama. Hilo lifanyie mazoezi kabla hujaomba kupimwa.

Kuna mkanganyiko wa namba pia. Katika tredi testi za zamani, gredi ya 3 ilikuwa ya chini na ya 1 ya juu. Katika vyeti vya sasa imegeuka: ngazi ya 1 ndiyo ya kuanzia, ya 3 ndiyo ya juu. Nawasihi waajiri wasome mwaka wa cheti kabla ya kusema fundi ni mdogo; fundi mwenye gredi ya 1 ya zamani si mwanafunzi.

Mwisho, wapo wanaodhani cheti ni kibali cha kila kitu. Cheti kinathibitisha ujuzi. Leseni ya biashara inabaki palepale, na fundi umeme anayefunga nyaya majumbani bado anahitaji leseni ya EWURA.