Maji ambayo udongo unaweza kumpa mmea: hesabu ya shamba la nyanya Kahe

Mama mdogo analima robo eka ya nyanya Kahe, chini ya Moshi, na zamu yake ya mfereji humfikia kila baada ya siku 10. Msimu wa kiangazi alinipigia simu. "Mwanangu, nimefungulia maji kuanzia saa sita usiku mpaka kumi na mbili alfajiri, matuta yote yamefurika. Leo ni siku ya nane tu, nyanya zimelala." Matunda kadhaa yalikuwa yameanza kuoza kitako, ugonjwa unaokuja pale maji yanapopanda na kushuka sana. Alikuwa anataka kuomba saa za ziada.

Saa za ziada zisingemsaidia, na sababu yake ndiyo dhana ninayotaka kuieleza.

Ukilowesha udongo mpaka ushibe, sehemu ya maji huendelea kuzama kwa uzito wake yenyewe kwa siku moja hadi tatu hivi, kutegemea aina ya udongo. Baada ya hapo kuzama kunapungua mno, na yanayobaki yameshikwa na chembe za udongo. Kiasi hicho ndicho kikomo cha kushika maji shambani. Mizizi huyanyonya hayo, na kadiri yanavyopungua ndivyo udongo unavyoyang'ang'ania zaidi, hadi mmea unashindwa kabisa: unanyauka jioni, na asubuhi hauinuki. Hicho ni kikomo cha kunyauka. Bado kuna maji kwenye udongo ule, ila mmea hauwezi kuyavuta. Tofauti ya vikomo hivi viwili ndiyo akiba ambayo mmea unaweza kuitumia. Usichanganye na nyanya inayolegea saa saba mchana kwa jua kali kisha ikasimama jioni. Hiyo haijafika huko.

Nilikwenda Kahe tukapima. Tulilowesha kipande cha mita moja ya mraba, tukakifunika kwa turubai ili jua lisikaushe, tukasubiri siku mbili. Nikachukua kopo lililokatwa pande zote mbili, lenye ujazo wa sentimita za ujazo 400, nikalididimiza taratibu bila kuugandamiza udongo, nikalitoa likiwa limejaa. Udongo ule ulikuwa na gramu 620. Ulipokauka kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, ulibaki gramu 500. Maji yalikuwa gramu 120.

Hapa wengi hukosea. Ukigawa 120 kwa 500 unapata asilimia 24, lakini hiyo ni asilimia ya uzito. Mizizi iko ndani ya ujazo wa udongo, kwa hiyo tunahitaji asilimia ya ujazo: 120 kwa 400, yaani asilimia 30. Kinachounganisha hizi mbili ni uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake, gramu 500 kwa sentimita za ujazo 400, ambao ni 1.25. Zidisha 24 kwa 1.25 unapata 30 ile ile. Anayesahau kuzidisha hujikuta na akiba pungufu kwa udongo wa Kahe. Huko juu migombani, kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano, uzito huo huwa chini ya 0.9, na kosa hilo hilo humpa akiba asiyokuwa nayo.

Kikomo cha kunyauka maabara hukipima kwa mgandamizo mkubwa, lakini mche wa alizeti kwenye chungu chenye udongo ule ule unatosha kwa makadirio. Tuliuacha bila maji, tukaufunika usiku kwenye kivuli. Asubuhi ambayo haukuinuka tulichukua udongo wake: gramu 112 ukiwa na unyevu, 100 ukiwa mkavu. Ni asilimia 12 ya uzito, na ukizidisha kwa 1.25 ni asilimia 15 ya ujazo.

Sasa 30 toa 15 ni 15. Asilimia 15 ya kina cha mita moja ni milimita 150 za maji, na milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Tulichimba kando ya shina tukakuta mizizi mingi inaishia kama sentimita 60. Chini ya hapo maji yanapotea bure. Kwa hiyo akiba ya nyanya zile ni 150 mara 0.6, milimita 90.

Lakini haifai kungoja zote 90 ziishe. Nyanya huanza kuumia mapema zaidi. Mwongozo namba 56 wa FAO wa mwaka 1998 unaweka takriban asilimia 40 ya akiba kuwa sehemu anayoitumia nyanya bila shida. Hapo ni milimita 36. Matumizi ya kila siku yanatokana na ukali wa hali ya hewa na ukubwa wa mmea. Nilikadiria milimita 4.5 kwa siku, nikazidisha kwa 1.15 kwa kuwa nyanya zilikuwa zimefunika ardhi na kubeba matunda, nikapata kama 5.2. Gawa 36 kwa 5.2: siku 7, pengine kasoro kidogo.

Ndiyo maana siku ya nane zililala. Na maji ya usiku kucha hayakubadilisha kitu, kwa sababu udongo ukishafika kikomo chake kinachoongezwa kinazama chini ya mizizi. Tulipima mfereji: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 4, yaani lita 5 kwa sekunde. Kwa saa sita ni lita 108,000, karibu milimita 107 kwenye robo eka, wakati udongo wa nyanya zile haushiki zaidi ya 90 hata ukiwa umekauka hadi kikomo cha kunyauka.

Nilimwambia asiombe saa. Agawane zamu na jirani aliye na siku tano tofauti naye. Kila mmoja anampa mwenzake nusu ya muda wake, na wote wanapata maji kila siku 5 kwa saa tatu. Katika siku tano nyanya hutumia milimita 26. Kwa mfereji wa udongo, nakadiria asilimia 60 ndiyo inayofika kwenye mizizi, kwa hiyo alete 43, ambazo ni kama lita 44,000. Kwa lita 5 kwa sekunde hiyo ni saa mbili na dakika 25 hivi. Anabaki na nafasi.

Jirani alikubali, ila alikuwa na miche ya wiki mbili na hesabu yake ni nyingine kabisa. Mizizi ya miche ile ilikuwa na sentimita 25, hivyo akiba ni milimita 37.5 na sehemu ya kutumia salama ni 15. Miche midogo inatumia kama 2.7 kwa siku, kwa hiyo inavumilia siku tano na nusu. Nikamwambia alete milimita 13 tu, si zaidi, ambazo kwa upotevu ule ni kama 22, na saa moja na robo inamtosha kwa robo eka. Anayemwaga kama wenye nyanya kubwa anasafirisha mbolea yake chini.

Siku ya nne mama mdogo alichimba mwenyewe, akabana konzi ya udongo wa kina cha sentimita 30. Ulishikamana bila kuacha maji kiganjani, na mashina yalikuwa wima mchana kutwa.