Benki Kuu imeshusha riba, mbona mkopo wako umebaki palepale?

Mwanzoni mwa Agosti 2024 kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 13. Kamati ya Sera ya Fedha ikaanza kukipunguza, na kufikia Oktoba 2025 kilikuwa asilimia 9.25. Wastani wa riba ya mikopo katika benki za biashara, hata hivyo, ulifika asilimia 17.2 Novemba 2024 kabla ya kuanza kuteremka, na mwaka mmoja hivi baadaye ulikuwa karibu 15. Riba ya Benki Kuu ilishuka kwa karibu pointi nne, ya mikopo kwa takriban mbili.

Kazi yangu ni kuchambua mikopo ya wafanyabiashara hapa Kisumu. Hivi majuzi mama mmoja anayeuza vitambaa Kibuye aliniuliza: "Mwanangu, mbona fiksi yangu imeshuka na mkopo wangu haujashuka?" Alikuwa na vyote viwili katika benki moja, na swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Tuanze na fiksi, yaani amana inayofungwa benki kwa muda maalumu kwa riba iliyokubaliwa. Aliweka shilingi 500,000 kwa miezi mitatu kwa riba ya asilimia 11 kwa mwaka. Faida yake ilikuwa 13,750, na baada ya kodi ya asilimia 15 akabaki na 11,687. Mkataba ulipoisha benki ikampa asilimia 8. Sasa anapata 10,000, na mkononi 8,500. Benki haikuhitaji kumwandikia barua wala kumwomba ridhaa, kwa kuwa mkataba wa zamani ulikwisha na mpya ukaja na bei mpya.

Mkopo hauna siku kama hiyo. Unaendelea kwa miaka, na katika mikopo ya utaratibu wa zamani riba ilibadilika pale tu benki ilipoamua kubadilisha kiwango chake cha msingi. Ukiuliza sababu ya kuchelewa, utaambiwa kwamba pesa walizokukopesha zilitoka kwa waweka amana ambao bado wanalipwa riba ya juu. Jibu hilo lina ukweli. Benki hukopa kidogo sana kutoka Benki Kuu. Pesa zake nyingi ni za wateja, na fiksi ya mwaka mmoja iliyofunguliwa wakati riba iko juu italipwa hivyo hadi iishe. Lakini fiksi nyingi ni za miezi michache. Kwa maoni yangu, miezi sita inatosha kwa sehemu kubwa ya gharama hiyo kushuka. Baada ya hapo, amana ghali si sababu tena ya kutopunguza chochote.

Sasa mkopo wenyewe. Alichukua 800,000 kwa miezi 48 kwa asilimia 18 inayotozwa kwenye salio linalopungua, na rejesho la 23,500 kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja salio lilikuwa karibu 650,000. Hatimaye benki ikashusha riba hadi 16, lakini rejesho likabaki 23,500, naye akaamini hakuna kilichobadilika.

Kumbe kilibadilika. Riba ya mwezi kwenye 650,000 ilikuwa 9,750. Kwa asilimia 16 ni 8,667. Tofauti ya 1,083 inaingia kwenye salio, na mkopo utaisha mwezi mmoja mapema, tena rejesho la mwisho likiwa dogo. Angeomba rejesho lipigwe hesabu upya kwa miezi 36 iliyobaki, angelipa karibu 22,850. Ni nafuu ya shilingi 650 kwa mwezi, si zaidi, na ni vizuri mtu ajue hivyo kabla ya kupanga matumizi. Kwa hiyo usiangalie rejesho peke yake. Kwenye stetimenti chukua riba ya mwezi, igawe kwa salio la mwezi uliotangulia, zidisha kwa 12. Hicho ndicho kiwango unachotozwa kweli.

Tangu Septemba 2025 mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika imewekewa utaratibu mwingine. Riba inajengwa juu ya KESONIA, ambayo ni wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, kisha benki inaongeza sehemu yake inayoitwa K. Humo kwenye K mna gharama za kuendesha benki, faida ya wenye hisa na hatari yako wewe mkopaji. KESONIA hufuata kiwango cha Benki Kuu kwa karibu, kwa hiyo sehemu hiyo ya riba itateremka bila kungoja hisani ya mtu. Mikopo ya zamani ya aina hiyo ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia huko. Mkopo wenye riba isiyobadilika hauguswi.

Mahali pa kukaza macho ni K. Benki inaweza kukupa KESONIA iliyoshuka na K iliyonona, na jumla ikabaki ileile. Nilimwambia mama yule aiombe benki kwa maandishi imtajie K yake, na imweleze ni kiasi gani kati ya hicho kinatokana na historia yake ya kulipa. Hajawahi kuchelewesha hata rejesho moja, na hiyo ndiyo sehemu ya bei anayoweza kuibishania.