Simu imezima, tiketi ipo palepale

Kila zamu kuna abiria anayefika getini ameshika simu nyeusi tii, uso umemshuka kama aliyeleta habari za msiba. Chaji imekwisha, na kwa hesabu zake tiketi imekwenda nayo. Baadhi yao hawaulizi hata mtu. Wanatoka wenyewe kwenye foleni, wanakwenda kuinama ukutani kutafuta soketi, na simu inapowaka geti limeshafungwa. Ndege ile hawakuikosa kwa sababu ya chaji. Waliikosa kwa sababu ya dhana, na dhana yenyewe ndiyo hii ya kwanza.

Dhana: "Simu ikizima, tiketi nayo imekufa"

Tiketi haikai kwenye simu. Inakaa kwenye kompyuta za shirika la ndege, na itabaki humo hata simu yako ikitumbukia baharini. Ule mraba wa vidoadoa kwenye skrini, yaani msimbo, ni maandishi mafupi tu, yaliyochorwa ili mashine iyasome haraka kuliko jicho. Kwa ndege, maandishi hayo yanafuata mpangilio mmoja wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kwa mashirika yote: nafasi 60 za lazima kwa safari ya ndege moja, na nafasi zisizojazwa huachwa wazi. Tuchukue abiria wa kubuni, Asha Mwinyi, anayetoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Skana ikisoma pasi yake ya kupandia ndege inapata hiki:

```
M1MWINYI/ASHA         EK7QX2M DARNBOXX 0483 214Y012A0045 100
```

Hakuna uchawi hapo. M1 ni aina ya mpangilio na idadi ya safari zilizomo, yaani moja. Linafuata jina, kisha E ya tiketi ya kielektroniki, kisha K7QX2M ambayo ni namba ya buking. DAR na NBO ni viwanja viwili. XX nimeiweka badala ya alama ya shirika, na 0483 ni namba ya ndege. 214 ni siku ya 214 ya mwaka, yaani tarehe 2 Agosti kama Februari ina siku 28. Y ni daraja, 012A ni kiti, na 0045 ni namba ya mfuatano, ile inayoandikwa SEQ kwenye pasi: Asha ni wa 45 katika orodha ya waliochekini. Ile 1 inayofuata inaonyesha kwamba ameshachekini, na 00 ya mwisho ni kwamba hakuna maelezo mengine ya ziada.

Tazama basi kinachofanyika getini. Skana inasoma mstari huo na kuiuliza kompyuta: kwenye ndege hii, leo, yupo abiria namba 45, kiti 12A, na bado hajapanda? Kompyuta ikijibu ndiyo, taa inawaka kijani. Swali hilohilo mhudumu anaweza kuliuliza kwa vidole vyake. Anaandika 45, au 12A, au jina la ukoo, anaangalia pasipoti au kitambulisho chako, anabonyeza, umepanda. Mashine ikiharibika geti zima, ndege nzima hupandishwa hivyo. Shirika la ndege la Ryanair, lililoacha kabisa kupokea pasi za karatasi zilizochapishwa na abiria tangu tarehe 12 Novemba 2025, liliwaambia abiria wake jambo hilihili: ukiwa umechekini kisha simu ikazima, jina lako na namba yako ya mfuatano tayari viko getini.

Kwa hiyo simu ikikuzimia, cha kwanza ni kujua uko upande gani wa ukaguzi wa usalama. Kama hujaupita, usiende kubishana na askari wa mlangoni, yeye anatakiwa kuona pasi na hana orodha ya abiria. Rudi kaunta ya shirika lako na pasipoti, waombe wakuchapishie pasi upya. Yapo mashirika yanayotoza kwa kazi hiyo. Kama umeshaupita, nenda moja kwa moja getini kwako, mapema, kabla foleni haijasimama, na sema kwa ufupi: "Simu imezima, nimechekini, kiti 12A, namba 45." Hapo hujamwomba mhudumu msaada mkubwa, umempunguzia kazi.

Kuna mpaka mmoja, na lazima niuseme. Haya yote yanamfaa aliyechekini. Aliyenunua tiketi akasema atachekini akifika, kisha simu ikazima njiani, hana namba ya mfuatano wala kiti. Huyo mahali pake ni kaunta, na kaunta hufungwa: kwa safari za kimataifa mara nyingi ni dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Mhudumu wa geti hawezi kumwokoa.

Ushauri wangu, na watu huucheka mpaka siku ikiwafika: ukishachekini, chukua kalamu uandike kwenye karatasi namba ya buking, namba ya ndege, kiti, na SEQ. Mambo manne. Karatasi iingie ndani ya pasipoti. Kalamu haiishi chaji.

Dhana: "Skana ikikataa, ongeza mwanga wa simu"

Inategemea imekataaje, na watu hawasikilizi mashine. Skana ikiwa kimya kabisa, hailii wala haiwaki, basi haijausoma msimbo. Hilo ni tatizo la macho yake au la skrini yako. Ikilia na kuwaka nyekundu, imesoma vizuri sana na kompyuta ndiyo imekataa. Hapo hata uongeze mwanga mpaka simu iwe kurunzi, jibu halibadiliki.

Kwa kimya, sababu ni chache. Mwanga uko chini au skrini inajififiza yenyewe. Mtu ameikuza picha mpaka kingo za msimbo zimekatwa, na hali msimbo wa QR unahitaji ukanda mtupu kuuzunguka, upana wa vidoa vinne kila upande, ili mashine ijue unaanzia wapi. Au ameigandamiza simu kwenye kioo cha skana; ianzie sentimita 15 hivi, kisha isogezwe polepole huku na huku. Au skrini imepasuka. Kupasuka peke yake si neno, kwa sababu QR imewekewa akiba ya kujirekebisha, kuanzia asilimia 7 hadi 30 ya alama zake kutegemea ilivyotengenezwa. Ila ufa ukipita kwenye moja ya yale maboksi matatu ya pembeni, mashine inaweza isiutambue msimbo hata kama sehemu nyingine zote ni safi. Kwenye msimbo wa Aztec, ule usio na maboksi ya pembeni, kinacholindwa ni jicho la katikati. Izungushe skrini au sogeza picha ili ufa uangukie kwingine.

Kwa nyekundu, soma alichoandikiwa mhudumu, au muulize. Huenda kiti kimebadilishwa na unaonyesha pasi ya zamani, au umesimama geti la ndege nyingine. Huenda viza yako haijakaguliwa na kaunta wameacha alama kwamba lazima uonwe. Na mara nyingine msimbo umeshatumika: mume na mke wametumiana pasi, kila mmoja ana zote mbili, mume ameonyesha ya mkewe. Taa ya kijani ilimpata yeye, nyekundu inamsubiri mama. Dawa ni mhudumu kufuta upandaji wa kwanza na kuwapandisha wote wawili upya, kwa hiyo mume asikimbilie ndani.

Dhana: "Skrinshoti inatosha popote"

Kwa ndege mara nyingi inatosha, ilimradi hakuna kilichobadilika baada ya kuipiga, maana msimbo wa pasi hausogei. Kwa tamasha na mpira huko Marekani na Ulaya, usithubutu bila kuangalia. Wauza tiketi Ticketmaster walianzisha mwaka 2019 tiketi ya SafeTix, ambayo msimbo wake hubadilika kila sekunde 15. Skrinshoti yake ni maiti kabla hujaifunga simu. Ukiona mstari unaotembea juu ya msimbo, ujue ni wa aina hiyo.

Na huko ndiko simu kuzima kunakouma kweli, kwa sababu tiketi nyingi za burudani hazina orodha ya majina ambayo mlinzi anaweza kuifungua. Njia yako ni kuingia kwenye akaunti yako kwa simu ya rafiki. Tatizo: mfumo utatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako, na laini iko ndani ya simu iliyozima. Toa laini, ichomeke kwenye simu ya rafiki, pokea ujumbe, ingia. Mwenye laini isiyotoka, ile ya kielektroniki, hana ujanja huo, kwa hiyo aende dirisha la tiketi na kitambulisho pamoja na kadi aliyolipia. Kama mpo wengi, busara zaidi ni kumhamishia kila mtu tiketi yake mkiwa bado nyumbani.

Dhana: "Bila bando msimbo haufunguki"

Bando linahitajika kuushusha, si kuuonyesha. Ukishauhifadhi kwenye programu ya pochi ya simu, unafunguka hata simu ikiwa haina mtandao kabisa. Hata misimbo mingi inayobadilika huendelea kujitengeneza bila mtandao kwa kufuata saa ya simu, na ndiyo maana waliozoea kurekebisha saa kwa mkono hukwama. Iache ijipange yenyewe.

Dhana: "Nimeziba jina, naweza kuiposti"

Umeona mstari wa Asha hapo juu. Jina na namba ya buking vimo ndani ya msimbo bila kufichwa, na programu yoyote ya bure ya kuskani itavitoa. Kwa mashirika mengi, viwili hivyo vinatosha kufungua buking yako. Waziri Mkuu wa zamani wa Australia, Tony Abbott, aliposti picha ya pasi yake mwaka 2020, na mtu aliyetumia namba ya buking iliyoonekana humo akafika mpaka kwenye namba yake ya pasipoti. Ziba msimbo wote, au usiposti.

Dhana: "Aifoni ikizima bado tiketi inatoka"

Inayotoka kwa saa chache, kwenye baadhi ya matoleo, ni kadi za kugusisha zilizowekwa kwenye mpangilio wa haraka, kama za treni za baadhi ya miji. Msimbo unahitaji skrini, na skrini imezima.

Beba pawabenki, lakini ikae kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye begi la kupakiwa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, ambazo kwa betri ya volti 3.7 ni kama mAh 27,000. Ile iliyofutika maandishi yake inaweza kubaki mikononi mwa wakaguzi, kwa hiyo usiitegemee kwa safari ya kurudi.