Chupa ya kioo na ladha ya maziwa

Wengine husema: “Maziwa ya chupa ya kioo ndiyo hubaki bora, ya pakiti na boksi huharibiwa na plastiki.”

Kioo hakiachi harufu, hilo kweli. Lakini kioo cheupe hupitisha mwanga, na vitamini B2 iliyomo kwenye maziwa huunyonya. Vitamini hiyo huharibika, na njiani huchochea protini na mafuta kubadilika. Ndipo maziwa hunuka kama manyoya yaliyoungua, ingawa hayajachacha wala kuganda.

Jaribu mwenyewe: gawa maziwa yaleyale kwenye chupa mbili za kioo cheupe, moja uifunge kwa karatasi ya alumini, kisha ziweke kwenye jokofu ambalo taa yake haizimiki, kama la dukani lenye mlango wa kioo, kwa siku moja. Onja.

Boksi huzuia karibu mwanga wote. Pakiti hutegemea: yenye tabaka jeusi ndani hukinga, ile inayoonyesha maziwa haikingi.

Kioo hushinda kwenye kutumika tena. Kisugue kwa sabuni na brashi, kisha kichemshe kuanzia maji baridi, kisipasuke. Pakiti na boksi usirudie kuzijazia maziwa; mikunjo yake huficha mabaki ambayo brashi haifiki, nazo hazistahimili kuchemshwa.