Usaili wa Kazi za Miradi ya Wafadhili: Swali la Bajeti Linavyowaangusha Wengi

Tangu Marekani isitishe misaada yake ya nje Januari 2025, nafasi zinazotangazwa na mashirika yasiyo ya kiserikali zinagombewa na watu wengi zaidi, na malalamiko nayo yameongezeka. Linalojirudia ni kwamba "nafasi ilikuwa na mwenyewe". Hatuwezi kusema hilo halitokei. Ila karatasi za alama tunazozipitia zinaonyesha wengi wakiteleza kwenye swali moja: katikati ya mwaka ulikuwa umetumia kiasi gani cha bajeti, na ulichukua hatua gani?

Msailiwa hujibu: "Nilisimamia milioni 240 kwa uadilifu mkubwa." Uadilifu hakuna aliyeuuliza.

Tuchukue mfano. Afisa wa mradi wa afya ana hizo milioni 240 kwa mwaka. Kwa mpango wake, hadi mwisho wa Juni zingetumika milioni 120, zimetumika 78. Jopo linataka kusikia ukizichambua zile 42 zilizobaki. Milioni 30 ni za mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, yaliyosogezwa hadi Agosti kwa sababu kibali cha halmashauri kilichelewa. Fedha hizo bado zina kazi yake. Milioni 12 ni akiba halisi, kwa kuwa vikao vilifanyika ukumbi wa halmashauri badala ya hotelini. Hizi 12 ndizo unazoweza kuomba zihamishiwe kifungu kingine. Ukigusa zile 30, Agosti washiriki watakuja na posho hakuna. Asiyeona tofauti hiyo hujitaja mwenyewe: husema "tuliharakisha matumizi".

Kuhamisha fedha nako kuna utaratibu, na kila mkataba wa ruzuku una kikomo chake. Ruzuku nyingi za Umoja wa Ulaya kwa nchi zetu, kwa mfano, huruhusu mabadiliko yasiyozidi asilimia 25 ya kila fungu kuu la bajeti. Yakizidi hapo, mkataba hurekebishwa kwanza. Eleza mkataba wako ulisemaje, ulimwandikia nani, na kwamba ulisubiri jibu. Ukitumia kwanza na kuomba baadaye, mkaguzi anaweza kuikataa gharama hiyo, na shirika likairejesha kwa fedha zake lenyewe. Tena taarifa ya robo mwaka ikisema mafunzo yamefanyika huku hesabu zikionyesha fungu halijaguswa, mfadhili atauliza. Jopo litauliza pia.

Kuhusu kutia chumvi: wadhamini wako huulizwa cheo ulichokuwa nacho na bajeti uliyoishika. Uongo ukibainika kabla ya mkataba, jina huondolewa. Ukibainika baadaye, ajira inaweza kusitishwa. Kama bajeti hukuishika wewe, sema uliandaa maombi ya masurufu, kisha ukayarejesha kwa risiti za EFD na karatasi za mahudhurio zilizosainiwa. Hilo lina alama zake.