Sekunde kumi na tano za kuuza nazi

Naandika miswada ya matangazo mafupi, na wanaoanza kuuza mtandaoni huniletea kosa lilelile: wanajaza. Dada mmoja anayeuza nazi iliyokunwa alinitumia video iliyoanza hivi: "Habarini wapendwa wateja wangu, karibuni sana katika biashara yetu." Hapo sekunde nne zimeshapita na hakuna aliyejua anauza nini.

Kwa mwendo wa kuongea unaoeleweka, sekunde 15 zinabeba maneno kama 30 ya Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo ukifika 40 utaanza kukimbia. Tukaandika upya:

"Saa moja usiku, wali uko jikoni, nazi bado haijakunwa.

Hii imekunwa leo asubuhi. Pakiti moja ni nazi nzima. Tia maji ya uvuguvugu, kamua.

Nitumie neno NAZI wasapu kabla ya saa nane, jioni nakuletea."

Ni maneno 33. Tatizo linachukua kama sekunde nne, bidhaa sita, mwito nne, na inabaki moja ya kupumua.

Tatizo ndilo lililotusumbua zaidi. Mwanzoni alitaka kusema "nazi nzuri ni adimu sokoni". Hilo linamhusu yeye anayehangaika kununua mzigo. Mteja wake ametoka kazini, ana njaa, na mbuzi ya kukunia inamtazama. Ukitaja saa na mahali, mtu anajiona jikoni kwake. Na chukua tatizo moja tu. Ukiongeza la vidole kukwaruzwa na la nazi kuoza, yote yanafifia.

Kwenye bidhaa, acha mkono ufanye kazi. Wakati anasema "kamua", picha inaonyesha tui jeupe likishuka kwenye chujio. Hapo huhitaji kusema "bora" wala "safi". Bei tuliiandika kwenye skrini, maana macho huisoma huku masikio yakiendelea kusikiliza.

Mwito uwe mmoja. Yeye alikuwa na mitatu: piga simu, njoo dukani, fuata ukurasa. Namba ya simu ina tarakimu kumi. Kuitaja tu kunakula kama sekunde tano, na hakuna anayeikariri. Neno moja la kutuma ni jepesi, na "kabla ya saa nane" inampa mteja sababu ya kutuma sasa. Ila usitaje muda ambao huwezi kuutimiza.

Kabla ya kurekodi, soma kwa sauti ukiwa umesimama, saa ya simu ikihesabu. Kusoma kimoyomoyo hukudanganya, kwa sababu ni kwepesi kuliko kutamka. Ukivuka 15, punguza maneno, usiongeze kasi.

Ukishaiweka, soma ujumbe unaoingia. Wakiuliza "hii ni nini?", rekebisha sehemu ya bidhaa. Wakiuliza "napataje?", rekebisha mwito. Wakikaa kimya kabisa, mimi huanza na sentensi ya kwanza.