Maana ya mcg, IU, RAE na DFE kwenye lebo za vitamini

Mjamzito anayeingia duka la dawa pale Ngamiani, Tanga, anaweza kuwekewa chupa mbili mbele yake. Ya kwanza imeandikwa asidi ya foliki 400 mcg, vitamini A 2,500 IU. Ya pili imeandikwa foleti 680 mcg DFE, vitamini A 750 mcg RAE. Kwa macho, ya pili ina foleti nyingi zaidi na ya kwanza ina vitamini A mara tatu. Kumbe zinaweza kuwa sawasawa.

Uzito ndio rahisi: miligramu 1 (mg) ni mikrogramu 1,000 (mcg, au µg). Lakini hapa ndipo penye hatari kubwa. Kidonge cha foliki cha 5 mg kina mikrogramu 5,000, yaani mara kumi na mbili na nusu ya kile cha 400 mcg, ingawa 5 inaonekana ndogo. Hicho cha 5 mg ni cha kutumia kwa maelekezo ya daktari.

DFE inalinganisha foleti ya chakula na asidi ya foliki ya kiwandani. Mwili hufyonza ya kiwandani vizuri zaidi, hivyo mikrogramu 1 yake ikiliwa pamoja na chakula huhesabiwa kuwa 1.7 DFE. Zidisha 400 kwa 1.7, unapata 680. Chupa zetu zimelingana.

Vitamini A inataka uangalifu zaidi, kwa sababu IU haipimi uzito. Inapima nguvu ya kazi, na kila vitamini ina kiwango chake. Kwa vitamini D, 40 IU ni mikrogramu 1. RAE nayo huhesabu vitamini A ya kila chanzo kwa kuilinganisha na retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika. Kwa retinoli yenyewe, 1 IU ni mikrogramu 0.3 RAE, basi 2,500 IU ni 750 mcg RAE. Hapo pia chupa zimelingana.

Sasa chukua unga wa majani ya mlonge wenye lebo ya 2,500 IU. Vitamini A yake inatokana na beta-karotini, ambayo mwili lazima uigeuze kwanza. Beta-karotini ya chakula huhesabiwa 0.05 kwa kila IU, kwa hiyo unabaki na 125 mcg RAE tu, sehemu moja ya sita ya chupa ya kwanza.

Kwa mjamzito tofauti hii ni nzito. Retinoli iliyozidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kikomo kwa mtu mzima ni 3,000 mcg kwa siku, sawa na 10,000 IU. Kikomo hicho hakihusu beta-karotini. Kama lebo imeandika IU bila kutaja chanzo, soma orodha ya viambato: retinili palmitati au retinili asetati ni retinoli. Usipoona chanzo popote, namba hiyo haiwezi kulinganishwa na nyingine.